Usiiulize modeli kama inaona picha, ipe picha

Kama ndiyo kwanza umeanza kazi ya kuunganisha modeli za lugha na mifumo ya ofisi, swali hili litakujia mapema: hii tuliyonayo inasoma picha? Njia inayoonekana rahisi ni kuiuliza yenyewe. Mimi nilifanya hivyo. Tulikuwa na stakabadhi za kupokelea mizigo zilizojazwa kwa mkono. Zilipigwa picha kwa simu huko ghalani, zikatumwa ofisini, nasi tulitaka namba ya stakabadhi na uzito viingie kwenye jedwali bila mtu kuketi kunakili. Nikauliza, nikajibiwa kwamba inashughulika na maandishi tu. Nikaamini. Siku tatu zikaishia kwenye kutafuta programu nyingine ya kusoma mwandiko, na kumbe modeli ile ile ilikuwa inapokea picha muda wote.

Modeli haijikagui kabla ya kukujibu. Inachofanya ni kuendeleza maandishi kwa namna inayofanana na yale iliyofunzwa, na maandishi hayo yalikusanywa kabla yenyewe haijatoka. GPT-4 ilitangazwa tarehe 14 Machi 2023, lakini sehemu kubwa ya maandishi iliyofunzwa ilikomea Septemba 2021. Mwaka huo GPT-4 ilikuwa haijatoka, kwa hiyo hapakuwa na mtu aliyeweza kuandika inachofanya kweli na picha. Modeli ya aina hiyo ikiulizwa habari zake, isipofundishwa au kudokezwa jibu, itachota kwenye yaliyoandikwa kuhusu modeli zilizoitangulia, na nyingi kati ya hizo kweli zilikuwa za maandishi tu. Ndiyo maana jibu lake linaweza kuwa la zamani ingawa modeli ni mpya.

Sababu ya pili ni muunganisho, na hii ndiyo inayosumbua watu zaidi. GPT-4 hiyo hiyo ilitangazwa kuwa inaweza kupokea picha tangu siku ya kwanza. Lakini mtu aliyeifungua kwenye ChatGPT mwezi Aprili 2023 hakuwa na mahali pa kuwekea picha; huduma hiyo ilianza kufunguliwa kwa watumiaji mwishoni mwa Septemba mwaka huo. Wakati huo huo programu ya Be My Eyes, inayowasaidia wasioona, ilikwisha kuanza kuitumia kuwaeleza watu yaliyomo kwenye picha. Modeli moja, milango miwili, uwezo tofauti. Ukiniuliza kama GPT-4 ilikuwa inaona mwezi Aprili 2023, sharti nami nikuulize umeingilia mlango upi.

Kosa letu la pili lilikuwa kinyume cha lile la kwanza. Tulihamia Gemma 3, modeli ya Google, ya ukubwa wa 4B, yaani vigezo bilioni nne, tukaiweka kwenye kompyuta yetu wenyewe kwa kutumia llama.cpp, programu ya kuendeshea modeli. Safari hii jibu likawa ndiyo, inasoma picha. Kwa modeli yenyewe ni kweli: Gemma 3 za 4B, 12B na 27B zinapokea picha, ya 1B haipokei. Stakabadhi zikaanza kurudi na namba na uzito, jedwali likajaa, tukafurahi. Aliyeshtuka ni mwenzetu wa ghala, alipoona stakabadhi mbili za magari tofauti zina uzito uleule. Nikapiga picha ukuta mtupu wa ofisi nikaituma. Ikarudi na uzito wa mahindi.

Kilichokuwa kinatokea ni hiki. Kwenye llama.cpp, sehemu inayogeuza picha kuwa kitu ambacho modeli inaweza kukisoma hukaa kwenye faili la pembeni. Usipolitaja, seva inawaka vizuri kabisa, inajibu maandishi, ila haina macho. Amri kamili ni hii:

```
llama-server -m gemma-3-4b-it-Q4_K_M.gguf --mmproj mmproj-model-f16.gguf
```

Sisi tuliishia kwenye `.gguf` ya kwanza. Seva yenyewe haikutudanganya, kwa sababu kila picha ilipofika iliikataa na kurudisha kosa. Lakini programu yetu ya katikati iliandikwa kwamba ikipata kosa irudie ombi bila kiambatisho. Kwa hiyo modeli ilipokea swali tupu, pamoja na jina la faili lenye neno mahindi ndani yake, na ikatunga jibu linalofanana na stakabadhi. Modeli, seva na programu ya katikati ni vitu vitatu, na modeli haijui lolote kuhusu hivyo vingine viwili.

Tangu hapo sianzi kazi yoyote ya picha bila jaribio la dakika tano. Chukua karatasi nyeupe, andika namba ya tarakimu nne unayoibuni hapo hapo, kwa kalamu nyekundu, halafu chora pembetatu kwenye kona moja. Piga picha, iite `a.jpg`, itume kwa njia ile ile ambayo kazi yenyewe itapita. Usijaribie kwenye tovuti halafu ukajenga kwenye programu. Hiyo ni milango miwili. Jina la faili lisidokeze chochote. Omba namba, rangi ya wino, na kona yenye pembetatu. Namba ikikosewa kabisa, kuna uwezekano mkubwa picha haikufika. Namba ikiwa sahihi lakini rangi na kona vinabahatishwa, shuku kwamba katikati kuna programu inayochopoa maandishi kwenye picha na kuipa modeli maandishi hayo peke yake. Kwa stakabadhi huenda hilo likatosha. Kwa picha ya tairi lililopasuka halitoshi.

Halafu angalia hesabu ya tokeni, yaani vipande ambavyo ombi lako limekatwa kabla ya kusomwa. Kwenye jibu la seva tafuta `prompt_tokens`. Tuma swali bila picha, andika idadi, kisha tuma swali hilo hilo na picha. Kwa Gemma 3 kila picha huwa tokeni 256, hivyo ombi lililokuwa na tokeni 20 lazima lipande kupita 270. Siku ile nilipofungua kumbukumbu zetu, idadi ilikuwa ileile kwa picha na bila picha, kwenye kila ombi. Ningeitazama mapema, jedwali lisingejaa uongo.

Kuhusu kutengeneza picha, kanuni ni hiyo hiyo na mkanganyiko ni mkubwa zaidi. DALL·E 3 ilipoingizwa ChatGPT mwaka 2023, modeli ya lugha iliandika tu maelezo na modeli nyingine ikachora. Pale ambapo chombo hicho hakijaunganishwa, unaweza kuambiwa picha iko tayari na usione faili lolote. Hesabu faili lililofika, si maneno.

Picha kufika, hata hivyo, si sawa na kusomeka. Gemma 3 huipunguza kila picha iwe pikseli 896 kwa 896. Picha zetu za simu zilikuwa 3000 kwa 4000, na tarakimu ya mkono yenye urefu wa pikseli 40 ikawa inabaki na 9 hivi. Tulipoongeza faili la pembeni, pembetatu ilionekana, rangi ikatajwa sawasawa, lakini namba za stakabadhi ziliendelea kukosewa. Tukaanza kukata picha kabla ya kuituma, kona ya juu yenye namba peke yake na kisanduku cha uzito peke yake. Namba sasa zinasomeka. Uzito ulioandikwa kwa penseli bado tunauingiza kwa mkono.