Wiki sita, masomo saba: ratiba ya kidato cha nne ianze na matokeo ya utamilifu

Mwanafunzi wa kidato cha nne mwenye masomo saba hana somo la kutupa. Divisheni hupatikana kwa kujumlisha pointi za masomo saba aliyofanya vizuri zaidi, kwa hiyo mwenye tisa akiharibu mawili bado ana saba ya kuhesabiwa. Mwenye saba huhesabiwa yote. Ndiyo maana ninapomsaidia kijana kupanga ratiba ya marudio, kitu cha kwanza ninachomwomba ni karatasi ya matokeo ya mtihani wa utamilifu. Saa za kusoma tunazijadili baadaye.

Mdogo wangu alikuja na haya: Kiswahili 68, Kiingereza 47, Hisabati 24, Baiolojia 43, Historia 62, Jiografia 42, Uraia 63. A huanzia 75 na ina pointi 1, B huanzia 65 na ina 2, C huanzia 45 na ina 3, D huanzia 30 na ina 4, na F ni 5. Jumla yake ilikuwa pointi 24, yaani divisheni ya tatu, ambayo ni kuanzia 22 hadi 25.

Sasa tazama umbali wa kila somo hadi daraja linalofuata. Uraia alibakiza alama 2, Baiolojia 2, Jiografia 3, Historia 3, Hisabati 6. Akivuka mipaka hiyo mitano, jumla inashuka hadi 19, na hiyo ni divisheni ya pili. Kiswahili kingehitaji alama 7 ili kipande, kwa hiyo tulikiacha kilinde B yake. Kiingereza kilinitia wasiwasi zaidi ya Hisabati, kwa sababu 47 ikiteleza kidogo tu ni D.

Alikuwa anatoka shule jioni, hivyo tulipata vipindi viwili vya dakika 50 kila siku ya juma na vitatu Jumamosi asubuhi. Hivyo ni 13 kwa wiki. Hisabati ilipata vitatu. Baiolojia, Jiografia, Historia na Kiingereza viwili viwili. Uraia na Kiswahili kimoja kimoja. Kipindi kimoja cha Kiingereza alikitumia kuandika insha ya Historia. Vijana wengi hujadiliana Historia na Uraia kwa Kiswahili, wakaelewa vizuri kabisa, kisha kwenye chumba cha mtihani sentensi za Kiingereza zinawakwama. Insha moja kwa wiki inafanyia kazi masomo mawili.

Jumapili jioni tuliiacha tupu kwa makusudi. Kuna siku umeme utakatika, kuna siku atatumwa dukani au mgeni atakuja. Kipindi kilichopotea kinasubiri Jumapili, hakisukumwi kwenda kesho, kwa maana kikisukumwa, kufikia Alhamisi ratiba nzima imevurugika na mtoto anaacha kuitazama.

Ndani ya kisanduku usiandike "Jiografia" peke yake. Andika "Jiografia: usomaji wa ramani, kukokotoa eneo na mwelekeo, maswali mawili". Kwa Hisabati tulichagua mada chache zinazorudi karatasi baada ya karatasi: takwimu, seti, matriki na uhasibu. Alama sita alizokosa ni sawa na swali moja la sehemu A. Kumrudisha kwenye mada zote za miaka minne kungemmalizia wiki zote sita. Baiolojia ina karatasi ya vitendo pia, kwa hiyo kipindi kimoja kilikuwa cha vipimo vya chakula na michoro. Aandike kila jaribio kwa utaratibu wake: alichofanya, alichokiona, anachohitimisha. Kujua kwamba ayodini hugeuka bluu nyeusi palipo na wanga hakutoshi kama hakuandikwa hivyo.

Wiki tatu za kwanza ni za mada. Wiki ya nne na ya tano, vipindi vya Jumamosi vinaunganishwa na kurefushwa kidogo kuwa karatasi moja kamili ya mwaka uliopita, saa mezani, daftari limefungwa. Hapo ndipo utajua kama ratiba inafanya kazi. Kijana anayesoma kila jioni lakini hawezi kujibu swali bila kufungua daftari anasoma tu, harudii. Baada ya kila karatasi tulirudi kwenye ile hesabu ya umbali. Baiolojia ilipofika 51, kipindi chake kimoja kilihamia Kiingereza.

Wiki ya sita hakuna mada mpya. Chukua ratiba ya mtihani yenyewe, upange marudio kuanzia mwisho kuja mwanzo, ili somo la siku ya kwanza ya mtihani liwe ndilo la mwisho kuguswa kabla ya kuingia. Masomo yanayofuatana siku moja, mengine asubuhi na mengine mchana, yarudiwe pamoja mapema, maana mchana ule hakutakuwa na nafasi ya kufungua daftari.