Boksa ya kukaa nayo kutwa kwenye pikipiki, Mwanza

*"Nina miezi mitatu kwenye boda, kijiwe Buzuruga. Jioni mapaja yanawaka moto, natembea kama nimetoka jandoni. Wengine wananiambia nivae pamba tupu, wengine zile laini za michezo. Nishike lipi wakuu?"*

Mkuu, kabla hujaenda Mlango Mmoja kupekua mitumba, leo ukirudi nyumbani chukua kioo ujiangalie. Ukiona mstari mwembamba mwekundu, hapo kilichokusugua ni mshono. Ukiona eneo pana limeiva upande wa ndani wa paja, ngozi imesuguana na ngozi, maana yake boksa ni fupi au inapanda juu. Kama ni mkanda unaozunguka paja, hiyo ni lastiki.

Mimi mwaka wa kwanza nilikuwa na mstari, urefu wa kidole, paja la kushoto tu. Nikabadilisha pamba nikavaa za michezo, mstari ukabaki palepale. Siku moja nikaigeuza boksa ndani nje nikaona mshono wa ovaloki umesimama kama ukuta, unashuka ndani ya paja kuanzia kwenye kinena. Mbona kushoto tu? Gia ipo mguu wa kushoto. Kila nikibadilisha gia goti linapanda na kushuka, paja linasuguana na siti, na Mwanza kwa milima hii gia hazipumziki. Kesho yake nikaivaa ndani nje vilevile, aibu yangu mwenyewe, na jioni mstari ulikuwa umefifia. Nikajua mgomvi wangu si kitambaa.

Kwa hiyo angalia mshono kwanza. Boksa nzuri ya kukalia ina kipande cha ziada katikati, kinachotoka paja moja kwenda jingine, ili mishono minne isikutane pale unapokalia. Pitisha ukucha juu ya mshono kwa ndani: ukikwama, acha. Mshono uliolala bapa ukucha unapita. Mguu wa boksa ushuke vidole vinne chini ya pale mapaja yanapogusana, ukiwa umekaa, siyo umesimama, kwa sababu ukikaa inapanda. Na usisahau suruali! Jinzi ina mshono mnene unaokutana katikati kabisa ya msamba, na boksa nyembamba haikukingi nao. Nimeona vijana wanalaumu chupi wakati kosa ni jinzi.

Sasa kitambaa. Pamba inakunywa jasho na kulishikilia. Asubuhi ni raha, lakini ikishalowa inakuwa nzito, inaganda mwilini, ngozi inalainika, na ngozi iliyolowa huchubuka haraka kuliko kavu. Jasho likikauka linaacha chumvi, na hiyo chumvi ndiyo inayosugua jioni. Polyesta hainywi sana, inasambaza jasho likauke. Fua zote mbili kwa pamoja uzianike kivulini, utaona ipi inakauka kwanza. Ila hapa kuna jambo ambalo wauzaji hawasemi: ili jasho likauke panahitajika hewa. Kifuani upepo unao, chini ya makalio kwenye siti ya plastiki haupo. Pale polyesta inalowa vilevile, tena inanuka zaidi.

Mimi navaa polyesta nyembamba yenye spandeksi kidogo, na mchana karibu saa nane nabadilisha nyingine kavu. Dakika tano za kujipangusa kwa maji na kukauka zinanisaidia kuliko mafuta yoyote. Kama huna pa kubadilishia, bado chagua hiyo kuliko pamba. Kama unapiga masaa manne matano tu, pamba inatosha na ni nafuu. Vazelini inasaidia asubuhi, lakini jasho huiondoa, kwa hiyo pakaza tena mchana, kidogo, kwenye ngozi safi na kavu. Kuipaka juu ya chumvi ni kujipaka mchanga.

Mitumba mingi haina lebo. Chomoa uzi mmoja uuchome mbali na kitambaa. Pamba inanuka karatasi iliyoungua na kuacha jivu linalosagika. Polyesta inayeyuka na kuacha shanga ngumu. Ikifanya yote mawili, ni mchanganyiko.

Juu, chini ya koti, singlendi ya pamba iache. Unatoka jasho kwenye kilima cha Bugando, jioni unashuka Kamanga upepo wa ziwa unakukuta umelowa, unatetemeka.

Alama ikiwa inawasha zaidi ya kuchoma, ina ukingo unaoonekana wazi wenye magamba, na inaenea hata siku ulizopumzika, hiyo huenda ni fangasi. Nenda duka la dawa uulize ya fangasi, na usikubali krimu ya kutuliza muwasho yenye steroidi peke yake: itapoza siku mbili, halafu fangasi inarudi imetanuka.

Vidonda vikipona ndipo ujaribu boksa mpya. Ukijaribu juu ya ngozi iliyochubuka, kila kitambaa kitaonekana kibaya.