Windows.edb imekula diski? Hesabu kwanza, ndipo ubonyeze Rebuild

Juzi usiku nilipata ujumbe wa msomaji, dada mmoja anayesoma uhasibu Dodoma. Aliandika: "Shikamoo kaka. Diski C imekuwa nyekundu, zimebaki MB 400. Nimetafuta kinachokula nafasi nimekuta faili moja linaitwa Windows.edb, lina GB 38. Nilifute?"

Nilimjibu asilifute kwanza, aniambie namba moja. Namba hiyo nitaieleza hapa chini. Ningeijua mwaka 2021 nisingeaibishwa mbele ya watu, na bado nikikumbuka siku ile moyo unauma.

Wakati huo nilikuwa naanza kujitegemea Mwanza, nazunguka maofisini na begi langu. Ofisi moja ya wakili iliniita. Kompyuta ya karani mkuu ilikuwa na diski ya SSD ya GB 256 na Windows 10, na ilikuwa imejaa kabisa, hata kuhifadhi waraka wa kurasa mbili ilikuwa inagoma. Nikatafuta, nikalikuta faili hilohilo: Windows.edb, GB 61, ndani ya folda hii iliyofichwa:

```
C:\ProgramData\Microsoft\Search\Data\Applications\Windows
```

Faili hilo ndiyo faharasa ya utafutaji wa Windows, na nilikuwa nimeshasikia kwamba faharasa ikinenepa unaijenga upya. Nikafungua `Indexing Options`, nikaingia `Advanced`, nikabonyeza `Rebuild`. Dakika chache baadaye faili lilikuwa chini ya GB 1. Ofisi nzima ilishangilia, wakili mwenyewe akanipa mkono, akanilipa shilingi 60,000 na kuagiza niletewe soda. Ilikuwa Ijumaa. Nilirudi nyumbani najiona fundi kweli.

Jumatano nikapigiwa simu. Nilipofika wakili hakunisalimia. Aligeuza skrini kunielekea, makarani wawili wamekaa pembeni wananitazama, akaniuliza, "Fundi, hii ndiyo kazi niliyokulipa?" Faili lilikuwa limerudi, GB 54. Sikuwa na jibu. Nilirudisha nusu ya hela siku ile, na hela hiyo ilikuwa imeshapangiwa kodi ya chumba.

Usiku ule sikulala. Nilikaa nikijisomea mpaka nikaelewa, na nilichoelewa ndicho ninachotaka ukishike.

Faili hilo ni hifadhidata. Windows hupitia mafaili na barua pepe zako, huchambua maneno yaliyomo na kuyaandika humo, ili ukitafuta neno "ankara" upate jibu papo hapo bila kila faili kufunguliwa upya. Sasa lifikirie kama daftari la mikopo la dukani. Mteja akilipa, mwenye duka hukata jina lake, lakini daftari halipungui unene. Mstari uliokatwa unabaki. Tofauti ni kwamba hifadhidata hii inaweza kuutumia tena mstari huo kwa mteja mpya. Kwa hiyo ukifuta barua pepe 200,000, nafasi zake ndani ya Windows.edb zinakuwa tupu, zinangoja vitu vipya, lakini faili lenyewe kwenye diski linabaki na ukubwa uleule. Diski hairudishiwi kitu.

Ina maana faharasa inaweza kuwa kubwa kwa sababu mbili zisizofanana. Ya kwanza, daftari limejaa mistari iliyokatwa: kulikuwa na vitu vingi zamani, sasa havipo. Hapo kuijenga upya kunapunguza kweli, na haitarudi. Ya pili, wadeni ni wengi kweli: Windows imeambiwa iorodheshe vitu vingi mno na vyote bado vipo. Hapo ukiijenga upya umenunua daftari jipya la kunakili majina yaleyale. Litanenepa tena, na siku zote ambazo linanenepa kompyuta itakuwa inachakarika bure. Mimi ndicho nilichomfanyia yule wakili.

Utajuaje ni ipi? Fungua `Indexing Options`. Juu kabisa kuna idadi ya vitu vilivyoorodheshwa, pameandikwa `items indexed`. Hiyo ndiyo namba niliyomwomba yule dada. Ilinganishe na ukubwa wa faili. Ukiona vitu elfu ishirini au thelathini na faili ni makumi ya GB, karibu kila mara ni mistari iliyokatwa, au hifadhidata imeharibika. Ukiona vitu laki kadhaa, shida iko kwenye orodha. Microsoft wenyewe wanaeleza kwamba ukivuka vitu 400,000 utendaji wa utafutaji unaanza kuyumba.

Na ukiangalia ukubwa wa faili, bofya kitufe cha kulia cha kipanya, fungua `Properties`, usome `Size on disk`, si `Size` peke yake. Faili hili wakati mwingine namba hizo mbili hutofautiana, na inayokula diski yako ni ile ya `Size on disk`. Nimeshaona watu wanahangaikia GB ambazo hazikuwepo.

Kwa wakili, idadi ilikuwa 612,000. Nilirudi kesho yake bila kuitwa na bila kudai hela. Nikakuta kwamba fundi aliyenitangulia alikuwa ametoa barua pepe zote za miaka tisa ya ofisi, kila barua faili lake pamoja na viambatisho, akaziweka kwenye folda ndani ya `Documents`. Kila kilichomo `Documents` huorodheshwa chenyewe usipokataza. Barua hizo hakuna aliyekuwa akizitafuta, ziliwekwa kama akiba tu.

Nikabonyeza `Modify`, nikaondoa alama kwenye folda ile, nikangoja. Idadi ikaanza kushuka taratibu, na kufika jioni ilisimama kwenye 58,000. Nikaangalia faili: bado GB 54. Zamani ningekata tamaa, lakini sasa nilijua nimeshakata mistari, kilichobaki ni kubadili daftari. Ndipo nikabonyeza `Rebuild`. Asubuhi faili lilikuwa na GB 3 na kidogo. Wiki iliyofuata lilikuwa hapohapo. Yule wakili ni mteja wangu mpaka leo.

Kwa hiyo utaratibu ni kupunguza orodha kwanza, kujenga upya baadaye. Ukianza na kujenga upya, utaijenga mara mbili. Nimelirudia hili kwa kila kijana aliyepita mikononi mwangu, na bado nawakuta wanakimbilia `Rebuild` kwa sababu namba inashuka mbele ya mteja na mteja anafurahi. Ndugu yangu, mteja hakukulipa umfurahishe Ijumaa. Amekulipa ili Jumatano asikupigie simu. Hesabu kwanza.

Kama huwezi kuitoa folda kwa sababu watu wanaitafuta kwa majina ya mafaili, kuna njia ya katikati. Ndani ya `Advanced`, kwenye `File Types`, chagua aina ya faili na uweke `Index Properties Only`. Windows itashika jina, tarehe na mambo kama hayo, lakini itaacha maneno ya ndani, na maneno ya ndani ndiyo mazito.

Kuna watakaokuambia ubane faili kwa `esentutl` badala ya kujenga upya. Njia hiyo ipo, na ni nzuri pale ambapo hutaki kungoja faharasa ijazwe tena. Fungua `Command Prompt` kama msimamizi:

```
sc config wsearch start= disabled
net stop wsearch
esentutl.exe /d %AllUsersProfile%\Microsoft\Search\Data\Applications\Windows\Windows.edb
sc config wsearch start= delayed-auto
net start wsearch
```

Lakini elewa inavyofanya kazi: inaandika nakala mpya iliyobanwa, kisha inaiweka mahali pa ile ya zamani. Mpaka imalize inahitaji nafasi ya kuwekea nakala hiyo. Dada mwenye MB 400 angeishia kwenye ujumbe wa kosa. `Rebuild` inafuta ya zamani kwanza, ndiyo maana inafaa kwenye diski iliyojaa. Pia kwenye Windows 11 unaweza kukuta `Windows.db` badala ya Windows.edb. Hiyo ni hifadhidata ya aina nyingine na `esentutl` haiihusu. Hapo tumia `Rebuild`.

Wa Mac mambo ni yaleyale kwa majina mengine. Faharasa ya Spotlight imo kwenye folda iliyofichwa, na kila diski ina yake, hata ile ya nje unayochomeka. Kuipima, ipe kwanza `Terminal` ruhusa ya `Full Disk Access`, kisha:

```
sudo du -sh /System/Volumes/Data/.Spotlight-V100
```

Hapa pia anza na orodha. Kwenye mipangilio ya Spotlight kuna `Search Privacy`, weka humo folda usizotafuta kitu ndani yake. Mimi nimeweka folda za miradi ya programu, ambazo zina maelfu kwa maelfu ya mafaili madogo madogo. Ndipo ufute faharasa ijengwe upya:

```
sudo mdutil -E /
```

Feni ikianza kupiga kelele na ukaona `mds_stores` na `mdworker` wanatumia kichakataji sana, usiogope na usizizime. Zinaandika upya. Na usipoona nafasi imerudi mara moja, kabla hujalaumu Spotlight angalia kama Mac yako ina picha za muda za Time Machine ndani ya diski:

```
tmutil listlocalsnapshots /
```

Picha hizo hushikilia vilivyofutwa, kwa kawaida kwa muda wa kama siku moja, kisha huondoka zenyewe. Mimi mwenyewe niliwahi kurudia `mdutil -E` mara tatu jioni moja kwa kutolijua hilo, na kila mara nilikuwa naianzisha kazi upya.

Turudi kwa dada wa Dodoma. Alinitumia namba yake: 27,000. Vitu 27,000 kwa GB 38. Nikamuuliza kama aliwahi kuondoa kitu kikubwa kwenye kompyuta ile. Akakumbuka kwamba ilikuwa ya kaka yake, na alipopewa aliitoa akaunti ya barua pepe ya kazini kwa kaka kutoka kwenye Outlook, barua za miaka mingi. Mistari iliyokatwa. Nikamwambia achomeke chaja, aizuie kompyuta isilale, abonyeze `Rebuild`, aiache mpaka asubuhi bila kuigusa, kwa sababu Windows hupunguza kasi ya kuorodhesha mtu anapofanya kazi.

Leo saa mbili asubuhi amenitumia picha ya skrini. Windows.edb ina GB 1.6. Nimemwambia aiangalie tena baada ya wiki na anitumie namba zote mbili.