Sheria za nyumba na meseji ya funguo kwa wageni wa Airbnb, uzoefu wangu Moshi

*"Wakuu habari, nina apatimenti ya vyumba viwili hapa Moshi nimeiweka Airbnb, mgeni anachukua nyumba nzima, mimi mwenyewe nakaa Dar. Funguo ziko kwa mlinzi. Mnaandikaje sheria za nyumba na ile meseji ya kumkabidhi mgeni funguo, hasa anayefika usiku?"*

Mkuu, kwanza tenganisha vitu vitatu, maana wengi wanamwaga kila kitu sehemu moja halafu mgeni hasomi hata kimoja. Kuna sheria za nyumba, hizi anaziona kila mtu kabla hajalipa. Kuna maelekezo ya nyumba, yaani waifai, mita, gesi, shawa, haya anayaona aliyeshabuki tu. Halafu kuna meseji ya funguo, hiyo ni ya mtu mmoja na siku yake. Ukiweka namba ya kisanduku cha funguo au utaratibu wa mlinzi kwenye zile sheria za wote, hata mwizi anasoma. Na ukifanya kinyume, yaani sheria mpya unaituma kwenye meseji wakati mgeni yuko njiani anatoka KIA, haimbani kabisa, atakwambia wakati nalipa hiyo haikuwepo na atakuwa na haki.

Sasa sheria zenyewe. Weka chache, na ziwe zile ambazo mlinzi au dada wa usafi anaweza kuziona kwa macho. "Tafadhali tunza nyumba kama yako" futa, hiyo hakuna siku utaithibitisha. Mimi zangu kubwa ziko hivi, chukua urekebishe:

"Wanaolala ni wale tu walioandikwa kwenye bukingi, wasizidi 4. Mgeni wa kukutembelea anaruhusiwa mpaka saa 21:00 na ataandikwa getini. Hakuna sherehe. Kuanzia 22:00 hakuna muziki wa kusikika nje, ghorofa ya juu kuna familia yenye watoto. Usivute sigara ndani, balkoni ruksa. Kuingia ni kuanzia 14:00, kutoka ni mwisho 10:00. Getini kuna kamera moja inayoangalia barabara, ndani hakuna kamera. Ufunguo ukipotea tunabadilisha kitasa chote, gharama ni shilingi 45,000."

Hiyo ya wageni wa kutembelea ndo imeniokoa kuliko zote, maana hapa kwetu mtu anabuki wawili, jioni zinaingia gari mbili za washkaji na keki. Ukiandika "hakuna wageni" kavu kavu unamuudhi mtu ambaye binamu yake wa Himo anakuja kumsalimia saa kumi jioni, na mlinzi naye anaona aibu kumzuia. Ukiweka saa na daftari la getini, mlinzi anakuwa na cha kushika: "sheria ilisema saa tatu, bosi", imeisha hiyo. Ile ya kamera usiiache, Airbnb walikataza kamera za ndani tangu Aprili 2024, na ya nje lazima uitaje kwenye tangazo.

Halafu kitu kinachotuumiza sana sisi Waswahili ni saa. Andika kila kitu kwa saa 24. Ukimwandikia mzungu "karibu kuanzia saa nane" anaweza akatokea saa mbili asubuhi na mabegi, na wa Dar ukimwandikia 2:00 atabaki anajiuliza. Mlinzi mwambie kwa saa zetu, mgeni mwandikie za kwenye simu, usichanganye kwenye meseji moja.

Na hapo ndo tunaingia kwa anayefika usiku. Bukingi ikiingia tu, kabla hata ya kushukuru sana, muulize: "Utatua KIA tarehe ngapi na saa ngapi? Naomba kwa saa 24." Nikupe mfano. Mama mmoja alibuki kuanzia tarehe 12, akajibu anatua tarehe 12 saa 00:50. Ukisoma haraka unaona sawa tu, tarehe 12 si ndo siku yake? Sasa piga hesabu. Kutua 00:50, foleni ya uhamiaji, mabegi, anatoka nje labda 01:45, KIA mpaka Moshi kwa gari ni kama dakika 45, kwahiyo saa nane na nusu usiku yuko getini. Usiku huo ni wa tarehe 11 kuamkia 12, na usiku wa 11 hajaulipia, ndani kuna mtu mwingine amelala anayetoka 10:00! Huyu mlinzi angemgongea nani? Nikamwandikia hivi:

"Habari dada, karibu Moshi. Ndege yako inatua usiku wa tarehe 11 kuamkia 12. Bukingi yako inaanza tarehe 12 saa 14:00, na usiku huo nyumba ina mgeni mwingine. Kwahiyo utahitaji pa kulala usiku wa kwanza. Mabegi unaweza kuyaacha kwa mlinzi kuanzia 11:00, na nyumba ikiwa tayari mapema nitakwambia."

Akatafuta hoteli usiku ule, kesho yake akaingia amepumzika na hana kinyongo. Nyumba ingekuwa tupu ningemwambia abadilishe bukingi ianze 11 na alipie humohumo kwenye mfumo. Usipokee ya mkononi kwa usiku wa ziada, likitokea la kutokea usiku ule huna bukingi wala ushahidi.

Meseji ya funguo yenyewe naituma siku moja kabla, asubuhi. Ukituma wiki nzima kabla inazama chini ya meseji nyingine, ukituma usiku wenyewe labda mtu katua hana laini wala bando. Ndo maana mwishoni naweka "piga skrinshoti". Ipange kwa mwendo wa miguu, kutoka barabarani mpaka kitandani, sio unaanza na waifai wakati mtu bado hajui geti liko wapi:

"Kesho karibu sana. 1. Pini hii ni ya getini, sio katikati ya jengo. Mwonyeshe dereva maneno haya: 'Ukitoka KIA pita Boma Ng'ombe mpaka Moshi, raundi abauti ya YMCA, uelekee KCMC, halafu fuata pini. Geti jeusi lina taa mbili. Usipige honi, gonga geti dogo.' 2. Mlinzi yupo usiku kucha. Mtajie jina lako la kwanza na useme apatimenti namba 3. Hutalipa chochote getini. 3. Kisanduku cha funguo kiko kulia kwa mlango, namba ni ____. 4. Ndani kuna funguo 3: ya bluu geti dogo, nyekundu grili, nyeupe mlango wa mbao. Mlango wa mbao zungusha mara mbili. 5. Ukishaingia nitumie neno 'nimefika'. Tafadhali piga skrinshoti ya ujumbe huu sasa hivi."

Utaona nimetoa funguo kwa mlinzi nikaweka kisanduku cha namba. Mlinzi anabaki na kazi ya kufungua geti na kuandika daftari, basi. Funguo zikikaa mfukoni kwa mlinzi, zamu ikibadilika saa kumi na mbili anaondoka nazo nyumbani Pasua, na wewe uko Dar unapiga simu haipokelewi. Namba ya kisanduku inabadilishwa kila mgeni akitoka, dada wa usafi ndo anaibadilisha halafu ananitumia picha, na isiwe mwaka wako wa kuzaliwa. Seti ya pili ya funguo weka kwa mtu anayeishi karibu, sio kwa mlinzi.

Ule mstari wa "hutalipa chochote getini" sio wa kumdhalilisha mlinzi, unamlinda hata yeye, maana wageni wengine wanatoa hela kwa kudhani ni ada halafu wanakuja kulalamika kwenye rivyu kwamba kuna malipo ya siri.

Kwenye maelekezo ya ndani ongeza kitu kimoja kuhusu ufunguo: "Ukilala usiache ufunguo umechomekwa kwa ndani." Hivi vitasa vyetu vya kawaida, ufunguo ukiwa umechomekwa kwa ndani, ule wa nje hauingii. Mgeni mmoja kalala fofofo, mwenzake karudi kutoka mjini, seti ya pili inaletwa na bado haisaidii kitu. Umeme nao usiandike stori ndefu: "Taa zikizimika angalia majirani. Kama nao wako gizani, ni umeme umekatika. Kama ni wewe peke yako, piga picha mita unitumie." Mimi ndo nanunua LUKU, namtumia tokeni ya tarakimu 20 anaingiza mwenyewe kwenye mita. Nyumba naiacha na uniti za kutosha, siwezi kugombana na mtu kwa pasi.

Kwa wapanda mlima andika kabisa kama mabegi yanabaki au hapana, kwa sababu wote watauliza. Mtu anapanda siku sita au saba na hataki kulipia nyumba huku yuko kambi ya Barafu mlimani. Mimi naandika: "Begi moja kwa mtu linatunzwa stoo bure, lifungwe kufuli, pesa na pasipoti zisibaki humo. Buti za mlimani zivuliwe mlangoni na kuoshwa kwenye bomba la nje." Lile tope la Machame likiingia kwenye sinki la bafuni utamwita fundi bomba.

Meseji ya kutoka naituma jioni ya kabla, fupi: "Kesho kutoka ni 10:00. Zima hita ya maji moto na gesi, funga madirisha, funga mlango mara mbili, rudisha funguo 3 kwenye kisanduku, nitumie picha ya kisanduku kikiwa kimefungwa." Hiyo picha ina saa, kwahiyo funguo ikikosekana mnajua ilikosekana lini. Dada wa usafi anaingia hapohapo, anahesabu funguo, anapiga picha vyumba kabla hajagusa shuka. Kukiwa na uharibifu dai lake liingize haraka humo kwenye mfumo, Airbnb wanatoa siku 14 baada ya mgeni kutoka, ila mimi sisubiri hata siku ya pili, maana mgeni mwingine akishalala pale utathibitishaje kioo kilivunjwa na nani.