Tabaka limelala kidogo tu, straiki zimepishana digrii 35

Swali: Shikamoo kaka. Niko Moshi, mwaka wa pili, tulienda fildi magharibi ya Ziwa Natron. Mimi na mwenzangu tumepima tabaka moja la mwamba kwa kompasi ile ile, ya plastiki yenye klinomita ya kupimia mwinamo ndani, tukiiweka juu ya klipubodi. Mimi nimepata straiki, yaani mwelekeo wake, 075 na dipu, yaani mwinamo wake, 9, yeye 110 dipu 7, ila dipu yake aliisoma kwenye ukuta wa korongo. Nani kakosea, na tukirudi tupime vipi?

Jibu: Marahaba mdogo wangu. Kwanza punguza presha, maana hiyo 35 inatisha kwa macho tu. Ukichukua klipubodi mbili, moja ukailaza kwa namba zako na nyingine kwa namba za mwenzio, pembe kati ya hizo klipubodi mbili inakuja kama digrii 5. Basi. Kwa hiyo kompasi haijaharibika na wala hamjapima mawe mawili tofauti, mmeumwa na kitu ambacho kinauma kila mtu anayepima tabaka lililoinama kidogo.

Fikiria paa la bati la nyumba za kwetu huku zenye mvua, pale huulizi maji yanaenda wapi, yanashuka tu. Sasa fikiria sakafu ya bafu, fundi kaipa mteremko kidogo kuelekea kwenye tundu, kipande cha sabuni kikikaa vibaya maji yanageukia ukutani. Straiki ni ule mstari usiopanda wala kushuka juu ya tabaka, na dipu inapimwa kwa kuukata huo mstari mraba, ndiyo njia ya maji. Kwenye paa huo mstari unaonekana, kwenye sakafu ya bafu kitu kidogo sana kinauzungusha.

Kidogo kiasi gani? Klipubodi yako tuseme ina upana wa sentimita 20. Kokoto la milimita 7 likiingia chini ya ukingo mmoja umeshainamisha ubao digrii 2, na huwezi kuona kwa macho. Kama tabaka lina dipu 45 na hiyo kokoto imeinua ubao kwa upande, straiki yako inahama kama digrii 3, unaandika unaendelea na safari. Tabaka la dipu 8 kokoto ile ile inahamisha straiki digrii 14, na likiwa na dipu 4 unaenda zaidi ya 25. Sasa wewe una kokoto lako, mwenzio ana lake upande wa pili, 14 na 14 mmeshaikaribia hiyo 35 mliyonayo. Dipu zenu lakini, angalia, 9 na 7, hazijaachana sana, kokoto halina nguvu hiyo kwenye dipu.

Hiyo 7 ya mwenzio ina kasoro yake nyingine. Ukuta wa korongo haujachimbwa na mtu ili ukate straiki mraba, umechimbwa na maji, kwa hiyo mstari wa tabaka unaouona ukutani mara nyingi ni mwinamo wa uongo na siku zote ni mdogo kuliko dipu yenyewe, hauwezi kuzidi. Hesabu yake fupi:

tan(mwinamo wa ukutani) = tan(dipu) × sin(pembe kati ya ukuta na straiki)

Mfano ukuta unaelekea 130 na straiki ni 075, pembe kati yao ni 55, tabaka la dipu 8 litaonekana pale kama 6.6, na mtu akisoma klinomita ya plastiki kwa mkono anaandika 7 na roho safi. Ukuta ukienda sambamba na straiki yenyewe tabaka litaonekana limelala kabisa kama meza. Kwa hiyo mwambie asisome dipu ukutani mpaka ajue ukuta unaelekea wapi.

Na hiyo klipubodi, ina bano la chuma? Nyingi zinazo. Weka kompasi mezani hapo Moshi, acha sindano itulie, halafu sogeza klipubodi taratibu bano likiwa mbele, ukiona sindano inageuka hata digrii 3 basi hiyo klipubodi ni ya kuandikia tu. Fanya hivyo hivyo kwa simu, nyundo na kava la simu lenye sumaku. Kitu kingine, kama hiyo kompasi ni mtumba wa Ulaya inaweza kuwa sindano yake imesawazishwa kwa huko kaskazini, huku kwetu ncha ya kusini inavutwa chini na sindano inaanza kukwaruza. Dalili yake unagonga kioo kidogo kwa kidole na namba inaruka. Tofauti ya kaskazini ya sumaku na kaskazini ya ramani msiisingizie, huku kwetu haifiki digrii 2.

Sasa kupima. Kwa tabaka lililoinama vizuri, 25, 30 kwenda juu, njia mliyotumia inatosha: ubao juu ya uso wa tabaka, unageuza ile duara ya digrii mpaka klinomita ikae sawa, unasimamisha kompasi kwa ukingo wake mrefu juu ya ubao na kuizungusha mpaka klinomita isome 0, unachora mstari kwa penseli, hapo ndo straiki. Unailaza kompasi kando ya mstari, ikae sawasawa, unasoma mwelekeo. Kisha unaisimamisha tena mraba na ule mstari unasoma dipu, na ukiizungusha kidogo huku na huku namba kubwa kuliko zote ndiyo yenyewe.

Kwa tabaka kama lenu hiyo njia inachoka. Mimi nilijifunza hili kwa aibu, kazi moja huko huko Natron nilirudi na straiki 11 za tabaka moja zimesambaa kama miba ya nungunungu, na mwenye kazi anauliza tabaka linashuka upande gani ili ajue achimbe wapi. Fundi ujenzi tuliyekuwa naye kambini, aliyekuja kujenga choo, ndiye aliyenitoa, akasema mbona hamtumii mpira wa maji. Ule mpira mwembamba unaoonyesha maji ndani ambao mafundi wanatumia kuweka levo ya msingi. Nikajiona mjinga kweli.

Tukafanya hivi. Tuliacha tabaka la mchanga, maana mchanga wa mtoni una mistari yake ya mshazari ndani ambayo iliwekwa na mkondo wa maji tangu mwanzo, ukiipima hiyo unapima mkondo, hupimi tabaka lilivyoinama. Tukachagua tabaka la majivu ya volkano, jeupe, unene wa kiganja, linaonekana kuta zote mbili za korongo. Mimi nikashika ncha ya mpira kwenye uso wa juu wa majivu upande wa magharibi, fundi akavuka na ncha nyingine. Maji ndani ya mpira yanasimama usawa mmoja pande zote, kwa hiyo yeye akawa anatembea kando ya ukuta mpaka akapata mahali ambapo uso wa juu wa majivu uko sawa kabisa na maji yake. Tukapigilia kigingi kila upande. Mstari kati ya vigingi haupandi wala haushuki na uko ndani ya tabaka, yaani ni straiki yenyewe, urefu mita 18 badala ya sentimita 20. Hata fundi akikosea uso wa majivu kwa sentimita 5, straiki inahama digrii 1 hivi.

Nikapiga kompasi kutoka kwangu kwenda kigingi cha pili: 083. Nikavuka, nikapiga kurudi: 264. Zinatakiwa zitofautiane 180, hapa zimetofautiana 181, safi. Usiache hii ya kurudi, sehemu zile zina basalti, na basalti iliyowahi kupigwa na radi inaweza kupotosha sindano digrii nyingi tu huku wewe huoni kitu. Ukipata mfano 083 na 250, upande mmoja umeshikwa, rudi nyuma hatua kumi kumi katika mstari ule ule wa vigingi mpaka zikubaliane.

Dipu nayo tukaachana na klinomita. Kutoka kwenye ule mstari tulikata mraba kwa kamba ya tatu nne tano kama mafundi wanavyofanya, tukaenda upande unaoshuka mita 12 za usawa, siyo za kutembea kwenye mteremko, tukakuta majivu yale yale yako chini ya levo kwa mita 1.62. Gawanya 1.62 kwa 12 unapata 0.135, hiyo ndiyo tangenti, pembe yake 7.7. Daftarini nikaandika 083/8 kusini. Andika upande inaposhuka kila mara, hata kama mmefundishwa kwamba ukitazama straiki dipu iko mkono wa kulia, kwa sababu siku moja utasahau na 083 itasomwa kama 263. Na hiyo 7.7 usiiandike hivyo hivyo ukajidai, tabaka lenyewe halijanyooka kiasi hicho.

Mpira ukiwa na kiputo cha hewa ndani unadanganya, kabla ya kuanza shikanisha ncha mbili pamoja uone maji yanasimama sawa. Ukiupata wa mita 20 duka la vifaa vya ujenzi unatosha, na beba maji yako maana yale ya ziwani ni magadi tupu.

Mtego uliobaki ni mkubwa kuliko yote. Eneo lile limekatwakatwa na nyufa za bonde la ufa, na korongo hupenda kufuata ufa kwa kuwa jiwe pale limeshasagika. Kama ukuta wa mashariki umeshuka mita moja ukilinganisha na wa magharibi, mpira utakupa straiki nzuri, namba safi, na ya uongo kabisa. Kwa hiyo mkimaliza vigingi viwili tafuteni kigingi cha tatu cha usawa ule ule upande mmoja tu wa korongo, pale linapopinda au kwenye kijito kinachoingia pembeni, ukuta usikatike katikati. Kikiangukia kwenye mstari wa vile vigingi viwili mko salama. Kikitoka nje kwa mita kadhaa, acheni straiki kwanza muanze kutafuta ufa umepita wapi.