Rosti ya nyama ya kusaga kwa tambi: maji na uchachu vinaanzia wapi

Kwa muda mrefu nilipopika spageti kwa nyama ya kusaga, sahani iliishia vilevile: tambi katikati, nyama juu yake, na pembeni duara la maji mekundu yanayozunguka sahani. Ukionja, ulimi unakazika kwa uchachu. Nilikuwa nalaumu nyanya. Nikabadilisha nyanya, nikaongeza ya kopo, nikachemsha zaidi, na bado.

Siku moja shangazi yangu alinikuta jikoni. Nilikuwa nimetia nusu kilo ya nyama ya kusaga kwenye sufuria ndogo, nimeongeza humo tangawizi, kitunguu saumu na limau, kisha nikafunika. Alifunua, akatazama maji ya kijivu yanayochemka, akasema, "Mwanangu, hii nyama hujaikaanga, umeichemsha. Na limau la nini, unapika sambusa?"

Hapo ndipo palipokuwa na tatizo lote, kabla hata nyanya haijaingia. Wengi wetu tumejifunza kupika nyama ya kusaga kwa ajili ya sambusa. Kule unaichemsha na viungo na limau mpaka ikauke kabisa, na inapendeza, kwa sababu inaingia kwenye manda ikiwa kavu na ladha kali inatakiwa. Kwenye rosti ya tambi limau linajumlishwa na uchachu wa nyanya, na maji ya nyama yanajumlishwa na maji ya nyanya. Nyanya peke yake, zaidi ya sehemu tisa kati ya kumi ni maji. Huna pa kuyapeleka.

Basi anzia buchani. Chagua nyama yako, yenye mafuta kidogo, mwambie akusagie mbele yako. Ukitaka kuiosha, ioshe ikiwa bado kipande, uikaushe, ndiyo isagwe. Nyama iliyokwisha kusagwa ukiiosha inanyonya maji kama sifongo, na hayo yote utakutana nayo kwenye sufuria. Ikiwa imetoka kwenye friza, iache kwenye friji iyeyuke kabisa, kisha mwaga maji yaliyojitenga.

Chukua sufuria pana. Iweke kwenye moto mkubwa na vijiko viwili vya mafuta, na yakishapata moto tia nusu ya nyama tu. Itandaze, uiache dakika mbili bila kuigusa, ndipo uivunjevunje kwa mwiko. Ukitia yote kwa mpigo, sufuria inapoa, nyama inatoa maji na kuogelea humo. Maadamu kuna maji, joto halipandi juu ya nyuzi 100, na nyama haiwezi kupata rangi ya kahawia. Sikiliza sauti: mwanzoni inachemka kwa mlio mzito, halafu maji yakiisha mlio unakuwa mkavu, wa kukaangika. Usiondoke kabla ya mlio huo. Nyama iwe na rangi ya kahawia na chini ya sufuria kuwe na ukoko mwembamba. Itoe, kaanga nusu ya pili, nayo itoe. Ukoko usiuoshe, maana ladha nzito ya rosti yako imelala pale.

Katika sufuria hiyohiyo, punguza moto, tia vitunguu maji viwili vilivyokatwa vidogo na chumvi kidogo. Vipe dakika kumi nzima mpaka vilainike na kuwa vya dhahabu. Ongeza karoti moja iliyokunwa. Mimi siku hizi sipiki rosti hii bila karoti. Utamu wake na wa vitunguu unakaa vizuri na nyanya kuliko sukari. Kitunguu saumu, punje tatu, kiingie mwisho, kwa dakika moja, kisije kikaungua.

Sasa nyanya ya kopo, lile kopo dogo la gramu 70. Watu huikoroga kwenye maji na kuimimina juu ya mchuzi, na ndiyo sababu ladha ya kopo haiishi. Itie kwenye mafuta pamoja na vitunguu, uisugue kwa mwiko dakika mbili au tatu. Utaona ule wekundu mkali unageuka kuwa rangi ya tofali, mafuta yanachukua rangi, na ile harufu mbichi inayopanda puani inakuwa tamu. Hapo imeiva.

Nyanya fresh zifuate, nane za wastani, zilizoiva mpaka zinabonyea. Zile ndefu zina nyama nyingi na maji kidogo kuliko za mviringo. Zilizo na kijani begani zina uchachu ambao moto hauondoi, kwa sababu asidi ya nyanya haipai na mvuke. Ukipunguza maji, inabaki palepale. Zikate katikati, uzikune kwa kikwaruzio, ganda libaki mkononi. Ukitumia blenda usiongeze maji hata kidogo. Acha zichemke kwa moto wa kati bila mfuniko, dakika kumi na tano hivi, mpaka mafuta yajitenge na kupanda juu. Mfuniko unarudisha mvuke wote ndani. Kazi unayofanya hapa ni kuutoa.

Rudisha nyama, tia robo kijiko cha chai cha pilipili manga na nusu kikombe cha maziwa. Najua maziwa yanashangaza. Kule Bologna, Italia, kulikotoka rosti ya namna hii, maziwa yamo hata katika mapishi rasmi yaliyosajiliwa mjini humo mwaka 1982. Yanatuliza ukali wa nyanya na kulainisha nyama. Punguza moto uwe mdogo kabisa, uache dakika thelathini hadi arobaini, ukikoroga mara mojamoja. Ikianza kushika chini, ongeza maji ya moto vijiko viwili, si kikombe.

Kujua kama iko tayari, pitisha mwiko chini ya sufuria. Njia ikibaki wazi kwa muda kabla ya kujifunga, imefika. Au weka kijiko kimoja kwenye sahani, usubiri dakika moja. Yakichuruzika maji pembeni, bado.

Onja mwishoni. Kama bado inachachuka, anza na chumvi, kwa sababu rosti iliyopungua chumvi huonekana chachu kuliko ilivyo. Kisha nusu kijiko cha chai cha sukari. Sukari inafunika uchachu tu, haiuondoi, kwa hiyo ukizidisha unapata rosti tamu iliyo chachu vilevile. Nyanya zikiwa zimekataa kabisa, tia soda ya kuokea, ile ya unga mweupe, kiasi cha kushika kwa ncha za vidole viwili. Itatoa povu, hiyo ni asidi inapungua. Koroga, onja tena. Ikizidi, rosti inakuwa na ladha ya sabuni na hakuna pa kuirekebisha.

Limebaki jambo la tambi zenyewe. Unaweza kufanya yote haya, kisha ukamwaga tambi zinazotiririka maji kwenye sahani, na lile duara jekundu likarudi. Zichemshe kwenye maji ya chumvi, uzitoe dakika moja kabla hazijaiva, uchuje vizuri, na usizisuuze. Hifadhi kikombe cha maji yake. Zitie ndani ya rosti, jiko likiwaka, ugeuze kwa dakika moja au mbili. Zitamalizikia kuiva kwa kunywa mchuzi. Zikikauka, tia maji ya tambi kidogo. Yana wanga, kwa hiyo yanashikamanisha rosti na tambi. Kwa vipimo hivi napika tambi gramu 400, na tunakula watu watano.