Kijana wa miaka 17 amesaini pikipiki ya mkataba: anadaiwa au hadaiwi?

Pikipiki imerudi dukani, deni limefutwa kwa maandishi, na karatasi yenye muhuri imefungiwa kwenye sanduku la dada yangu kule Igombe. Naanza na hilo kwa sababu kuna ndugu waliocheka niliposema kijana hadaiwi. Waliniambia mambo ya sheria ni ya Dar es Salaam, huku Kanda ya Ziwa ukisaini umesaini. Wiki iliyopita mmoja wao kanipigia, mtoto wake naye kasaini. Ndiyo maana naandika.

Mpwa wangu alimaliza kidato cha nne, matokeo hayakukaa vizuri, akataka bodaboda. Februari 2025 akaenda duka moja mjini akachukua Boxer ya mkopo, zile tunazoziita pikipiki za mkataba. Bei ya taslimu ilikuwa shilingi 2,900,000. Kwa mkataba ni kianzio 400,000, kisha rejesho la 70,000 kila wiki kwa wiki 60. Ukizidisha inakuwa 4,200,000, na ukijumlisha kianzio unafika 4,600,000. Kadi inabaki dukani mpaka rejesho la mwisho. Baba yake, yaani shemeji yangu, akaweka saini kama mdhamini.

Alipeleka rejesho wiki 11. Mwezi wa tano, mvua za masika zikiwa bado zinanyesha, akaanguka kwenye utelezi na kuumia goti. Wiki ya kwanza hakulipa, ya pili hakulipa, simu zikaanza. Ilipofika Juni ikaja barua: lipeni 3,430,000 yote kwa pamoja, la sivyo polisi. Kufika hapo shemeji, ambaye ni mvuvi wa dagaa, alishatafuta mteja wa injini ya mtumbwi wake. Kusema kweli hilo liliniuma kuliko barua yenyewe, maana injini ndiyo iliyokuwa ikiilisha nyumba ile, na mimi sikuulizwa neno mpaka siku mteja alipofika kuiangalia.

Nikaomba nione mkataba. Nikaomba na cheti cha kuzaliwa. Dada akaniambia, "Kaka, cheti chenyewe wanacho dukani, walitoa kopi." Na kweli, kopi ilikuwa imebanwa kwa pini nyuma ya mkataba wao wenyewe, karatasi ya tatu. Kuzaliwa: 14 Novemba 2007. Tarehe ya mkataba: 17 Februari 2025. Kijana alikuwa na miaka 17 na miezi mitatu.

Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kifungu cha 11, inasema mwenye uwezo wa kuingia mkataba ni mtu aliyefikisha umri wa utu uzima, mwenye akili timamu na asiyezuiwa na sheria nyingine. Sheria ya Mtoto ya 2009 inasema aliye chini ya miaka 18 ni mtoto. Kifungu kile cha 11 kinaendelea kusema makubaliano ya mtu asiye na uwezo huo ni batili. Wengi hawapaoni hapo. Si kwamba kijana anaweza kuuvunja mkataba akitaka, bali mkataba haukuwahi kuwapo tangu siku ile ya Februari. Sheria yetu tumeirithi kutoka ile ya India, na huko swali hili lilijibiwa mwaka 1903 katika kesi ya Mohori Bibee dhidi ya Dharmodas Ghose. Kijana aliweka rehani mali yake akapewa mkopo, na wakala wa mkopeshaji alikuwa na taarifa kwamba hajafikisha umri. Baraza la rufaa la kule London likasema rehani ni batili, na likakataa kumlazimisha arudishe fedha.

Tulikwenda dukani watu watatu: mimi, shemeji na kijana. Meneja alikuwa mtu mstaarabu, sina ubaya naye. Nikaweka mkataba mezani, nikamwekea kidole kwenye tarehe moja, kisha kwenye tarehe ya pili. Akanyamaza, akatoka nje kupiga simu. Aliporudi alikuwa na hoja tatu, na nyie mtakutana nazo hizo hizo.

Ya kwanza: "Alisaini kwamba ana miaka zaidi ya 18." Kweli, juu ya fomu yao kuna mstari uliochapwa tayari: mimi ninayesaini nina akili timamu na umri unaozidi miaka 18. Lakini mtoto hapati uwezo wa kisheria kwa kuusomea mstari. Ingekuwa hivyo kila duka lingechapa mstari huo na kinga ya mtoto ingeishia hapo. Na wao walikuwa na cheti mkononi, kwa hiyo hawawezi kusema walidanganywa. Sasa angalieni hapa: kama kijana wako alichonga cheti, au alitumia namba ya NIDA ya kaka yake, hiyo ni habari nyingine. Deni la mkataba bado linaweza kuwa batili kwake, lakini kughushi ni jinai, na polisi wanaotajwa kwenye barua wanaweza kuja kweli. Deni tupu ni madai, si kosa la jinai. (Wauzaji mnaosoma: namba ya NIDA huanza na tarehe ya kuzaliwa, tarakimu nane za kwanza, mwaka, mwezi, siku. Mtu akikosa namba kabisa, jiulizeni kwa nini kabla ya kumpa funguo.)

Hoja ya pili ilinipa kazi kidogo. Meneja alisema pikipiki ni riziki, na mahitaji ya mtoto hulipiwa. Kifungu cha 68 kinasema hivyo kweli: aliyempa asiye na uwezo wa kuingia mkataba mahitaji yanayolingana na hali yake ya maisha, hulipwa kutoka kwenye mali ya mtu huyo. Chakula, mavazi, matibabu, hayo hayana ubishi. Lakini chombo cha biashara? Mahakama ya Rufani ya Uingereza ilikutana na jambo hilo mwaka 1937. Kijana aliyefanya kazi ya kusafirisha mizigo alichukua lori kwa mkopo wa kulipa kidogo kidogo, akashindwa. Ikaamuliwa kwamba mkataba wa biashara haumfungi mtoto, hata kama biashara hiyo ndiyo inayomlisha. Mahakama zetu hazilazimiki kuufuata uamuzi huo, ila sababu yake inaeleweka hata kijiweni: biashara ina hasara, na mtoto hapaswi kubebeshwa hasara ya biashara kwa mkopo. Kisha, hata ukiiita pikipiki mahitaji, wanalipwa kutoka kwenye mali ya kijana. Mpwa wangu mali yake ni simu yenye kioo kilichopasuka.

Ya tatu ndiyo iliyotubana. Akafunua ukurasa wa mwisho: "Mzee alidhamini." Na maneno yalikuwa haya: mdhamini atawajibika kulipa deni lote kama mdaiwa mwenyewe. Shemeji hakuwa amesoma. Alisaini amesimama, akiwahi daladala.

Wazazi wenzangu, hapa ndipo mnapoumia. Mtoto anatoka, mdhamini anabaki. Wapo mawakili watakaokwambia kwamba deni la mtoto likiwa batili, dhamana yake haina pa kusimama. Wapo watakaokwambia kwamba mtu mzima aliyeahidi kulipa kama mdaiwa mwenyewe ameingia mkataba wake peke yake, na umri wa mtoto haumsaidii. Maamuzi ya mahakama yapo ya pande zote mbili, huko India na huko Uingereza. Kwa hiyo usiende dukani ukitamba kwamba familia haidaiwi. Sema kijana hadaiwi, halafu kuhusu mdhamini shuka kwenye hesabu.

Kabla ya hesabu tulirudisha pikipiki. Baadhi ya vijana wa kijiweni walimshauri mpwa wangu abaki nayo, wakisema si mkataba ni batili? Huo ni ujinga. Mkataba batili hauhamishi umiliki, na kadi iko kwa muuzaji. Sheria haimlipishi mtoto bei, lakini haimwachii pia mali ya mtu iliyopo na inayoonekana. Kukaa nayo ni kujitafutia kesi ambayo hukuwa nayo. Ila usiirudishe kienyeji. Sisi tuliandika hati ya makabidhiano: namba ya chasisi, namba ya injini, kilomita zilizosomeka kwenye dashibodi, taa ya mbele nzima, kioo cha kushoto kimevunjika, tairi la nyuma limekwisha. Picha zikapigwa, pande mbili zikasaini, kila upande ukabaki na nakala. Bila hati hiyo, baada ya mwezi ungeambiwa uliirudisha bila betri.

Kisha hesabu. Kijana alikwishalipa kianzio 400,000 na marejesho 770,000, jumla 1,170,000. Pikipiki ile, kwa bei ya mitumba iliyokuwa ikizungumzwa na bodaboda wenyewe, ilikuwa haiuzwi chini ya 1,900,000. Jumlisha: 3,070,000. Bei ya taslimu ilikuwa 2,900,000. Yaani duka lilikuwa limeshapata bei yake na 170,000 juu, na bado linadai 3,430,000 kwa mvuvi. Nikamwambia meneja, tukienda mahakamani hakimu ataziona namba hizi pamoja na kile cheti kwenye pini.

Sisi nasi tuliacha kitu. Dada alitaka ile 1,170,000 irudi yote. Nilimkatalia. Kijana aliitumia pikipiki wiki 11, akapakia abiria, akala na nauli, na kuomba urudishiwe fedha za kitu ulichokwisha kukitumia ni hoja dhaifu. Alinuna siku kadhaa. Mpaka leo nadhani anaamini nilihongwa soda.

Wakavuta muda. Halafu Novemba, siku chache tu baada ya mpwa wangu kutimiza miaka 18, akapigiwa simu: njoo usaini upya, tutakupunguzia rejesho liwe 50,000, pikipiki uichukue leo leo. Akaanza kuvaa viatu. Mama yake akanipigia.

Hili ndilo ninaloomba mlikariri. Mkataba uliokuwa batili haufufuki kwa kutimiza miaka 18. Kusema tu "naukubali ule wa zamani" hakuutii uhai. Lakini ukisaini karatasi mpya ukiwa mtu mzima, ukapewa pikipiki na masharti mapya, huo ni mkataba mpya na unakufunga kama unavyonifunga mimi. Na wakiingiza ndani yake salio la zamani, umejitwisha kwa mkono wako mzigo ambao sheria ilikuwa imekutua. Hakwenda. Alinuna naye, ni tabia ya ukoo.

Makubaliano yaliyosainiwa wiki iliyopita yana sentensi mbili tu za maana, na ukifikia hatua hiyo hakikisha zote mbili zimo. Moja inasema duka limepokea pikipiki, ikitajwa namba ya chasisi, na halimdai kijana kiasi chochote. Ya pili inamtaja shemeji kwa jina na kusema dhamana yake ya tarehe 17 Februari 2025 imefutwa. Rasimu yao ya kwanza haikuwa na hiyo ya pili.